Diski ya Nje, Folda Zake, na Video Inayoganda Katikati ya Kuhariri

Harusi moja ya Jumamosi jijini Dar es Salaam, ikipigwa kwa kamera tatu kuanzia bibi harusi anapopambwa asubuhi hadi wageni wanapotoka ukumbini usiku, huacha video ghafi inayozidi terabaiti moja. Mpiga video huimimina yote kwenye diski ya nje aliyonayo, hufungua programu ya kuhariri, huzipanga kamera zote tatu kwenye taimlaini na kubonyeza kitufe cha kucheza. Sekunde mbili za kwanza huenda vizuri. Kisha picha huganda, sauti ikiendelea, na ikizinduka huwa imeruka mbele na kumwacha askofu mdomo wazi.

Wengi hapo huamua kwamba kompyuta imezeeka, wakaanza kuulizia bei ya nyingine. Wengine hukimbilia kununua diski iliyoandikwa kasi kubwa kuliko zote dukani. Mara nyingi hakuna kati ya hayo mawili kinachohitajika. Diski huzidiwa kwa sababu inaitwa sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na dawa yake ni kugawa kazi: video ghafi ikae pake, mafaili ya muda yakae pengine, na kazi zilizokwisha zihame kabisa. Nitaifuata harusi hiyo moja tangu kwenye kadi za kamera hadi kwenye hifadhi, maana humo ndimo matatizo yote yanamojitokeza.

Harusi hiyo ina uzito gani

Kamera za Sony zinazotumiwa sana na wapiga harusi, kama FX3 na a7 IV, zikirekodi 4K kwa fremu 25 katika mfumo wa XAVC S wa biti 10, huandika megabiti 140 kila sekunde. Diski hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ina biti nane, kwa hiyo gawa kwa nane: kamera moja inatoa megabaiti 17.5 kwa sekunde. Kwa saa nzima ni gigabaiti 63. Kila kamera ikirekodi saa sita, jumla ni saa 18, nazo ni gigabaiti 1,134, kabla hujahesabu rekoda ya sauti, muziki na picha za droni.

Hesabu hii ndogo ya kugawa kwa nane ndiyo inayowapotosha watu wengi dukani. Mtu anaona diski imeandikwa "5 Gbps" akadhani inasafirisha gigabaiti tano kwa sekunde. Hizo ni gigabiti. Ukigawa kwa nane na kuondoa gharama za mawasiliano yenyewe, kinachobaki ni megabaiti 450 hivi kwa sekunde, nacho bado ni kikubwa kuliko mahitaji ya harusi yetu. Kamera tatu zikicheza kwa pamoja zinahitaji megabaiti 52.5 tu.

Sasa, hadi diski ya kawaida ya nje, ile ndogo ya mfukoni inayopata umeme kwenye USB, husoma megabaiti 100 hadi 140 kwa sekunde. Kwenye karatasi inatosha mara mbili. Mbona basi picha inaganda?

Kwanza mjue mkosaji

Kabla ya kuilaumu diski, fanya jaribio moja. Chukua vipande vya dakika tano kutoka kila kamera, jumla yake ni kama gigabaiti 16, uvinakili kwenye diski ya ndani ya kompyuta. Iwe ni SSD, maana siku hizi kompyuta nyingi zinazo. Fungua mradi mpya, weka vipande hivyo vitatu kwenye taimlaini, na ucheze vile vile.

Vikienda vizuri, tatizo liko kwenye diski ya nje, waya wake au mpangilio wake, na sehemu kubwa ya makala haya ni yako. Vikiganda kama awali, diski haina kosa, na hata ukinunua ya bei ya juu kabisa utaona kuganda kule kule.

Sababu yake ni hii. Video ya H.264 au H.265 inayotoka kwenye kamera hizi haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi fremu moja kamili, halafu zinazofuata zinaandika tu kilichobadilika. Ili kukuonyesha fremu ya saba, kompyuta lazima ifungue ya kwanza na kuzijenga za katikati. Kazi hiyo hufanywa haraka na sehemu maalumu ndani ya kadi ya picha au prosesa, lakini kadi nyingi za picha hazina uwezo wa kufungua aina ya 4:2:2 ya biti 10, ambayo ndiyo hasa kamera hizi zinayotoa zikiwekwa kwenye ubora wa juu. Hapo prosesa inabebeshwa mzigo wote, mara tatu kwa kamera tatu.

Kwenye Windows unaweza kuliona hilo kwa macho. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia sehemu ya Performance, ucheze taimlaini huku ukitazama. Ikiwa CPU imefika asilimia 100 na diski inapumzika, ni kufungua video. Ikiwa diski ya nje ndiyo iliyofika asilimia 100 kwenye Active time, huku kasi yake ya kusoma ikionyesha megabaiti 20 au 30 tu, umeshamkamata mkosaji. Namba hizo mbili zisomwe pamoja: diski ina shughuli muda wote, ila kinachotoka ni kidogo. Maana yake inapoteza muda kwa jambo lingine, siyo kwa kusoma.

Ikiwa mkosaji ni kufungua video, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kuhaririwa, ambazo programu huzibadilisha na zile halisi wakati wa kutoa kazi ya mwisho. Proksi za ProRes Proxy katika 1080p kwa fremu 25 ni megabiti 38 kwa sekunde, na kila fremu imehifadhiwa nzima, hivyo prosesa haihangaiki. Kwa saa zetu 18 zitakula kama gigabaiti 308 za ziada. Zipangie nafasi mapema.

Diski ya sahani inapoteza muda wapi

Ndani ya hadi diski kuna sahani inayozunguka na mkono wenye kichwa cha kusoma. Nyingi za zile ndogo za nje huzunguka mara 5,400 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11. Kichwa kikitakiwa kwenda kwenye faili lililo sehemu nyingine ya sahani, lazima mkono usogee, kisha kingoje data izunguke hadi chini yake. Safari moja ya namna hiyo huchukua milisekunde 15 hadi 20.

Tuseme programu inasoma megabaiti moja kutoka kamera ya kwanza, moja kutoka ya pili, moja kutoka ya tatu, kisha inarudi ya kwanza. Kwa diski ya megabaiti 120 kwa sekunde, kuisoma megabaiti moja ni milisekunde 8. Kuifuata ni 18. Jumla 26, ambazo zinatoa megabaiti 38 kwa sekunde peke yake. Tulihitaji 52.5. Ni kama mhudumu mmoja wa ukumbini aliyepewa meza tatu zilizo pembe tatu tofauti: muda mwingi anatembea, na kugawa chakula ni sehemu ndogo ya kazi yake.

Programu zinatofautiana kwa ukubwa wa kipande zinachosoma, kwa hiyo namba hizo usizichukue kama kipimo cha diski yako. Zichukue kama maelezo ya kwa nini diski ile ile inakwenda vizuri kwa kamera moja na kufa kwa kamera tatu. Hapo bado programu haijaanza kuchora mawimbi ya sauti, kutengeneza vijipicha vya kila faili na kuandika kashe, na kila kimoja kinauita mkono ule ule.

Yapo mengine mawili yanayoizidishia mzigo. Diski ya sahani husoma haraka kwenye ukingo wa nje na polepole karibu na katikati, mara nyingi kwa kama nusu ya kasi, na kwa kawaida sehemu ya ndani hujazwa mwisho. Ndiyo maana diski iliyokuwa nzuri ilipokuwa tupu huanza kusumbua ikikaribia kujaa. Pia nyingi za zile ndogo za nje hutumia teknolojia iitwayo SMR, ambamo mistari ya data imelaliana kidogo ili zitoshee nyingi. Kusoma si tatizo, lakini kuandika juu ya data ya zamani kunailazimu diski iandike upya eneo zima, na kasi ya kuandika inaweza kuporomoka kabisa baada ya muda mfupi.

Basi kwa kuhariria kamera zaidi ya moja, tumia SSD. Haina sahani wala mkono; kuruka kutoka faili hadi faili huchukua sehemu ndogo sana ya milisekunde. Hadi diski ina kazi yake nzuri sana, ya kuhifadhi, nayo nitaijia.

SSD ipi, na mitego yake

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. SSD ya nje ya kawaida yenye kasi ya megabaiti 500 kwa sekunde inatosha harusi yetu mara tisa. Hata ukigeuza video zote ziwe ProRes 422 katika 4K, ambayo ni megabiti 492 kwa kila kamera, kamera tatu zinahitaji megabaiti 185 kwa sekunde. Bado inatosha. Diski za megabaiti 2,000 au 3,000 zina maana kwa wanaohariri RAW ya 6K na 8K, au kwa kamera sita na zaidi kwa mpigo. Mpiga harusi anayechagua kati ya terabaiti moja ya kasi sana na terabaiti mbili za kasi ya kawaida achukue mbili.

Ukubwa uhesabu hivi: gigabaiti 1,134 za kamera, 308 za proksi, na nafasi ya kutolea kazi. Tayari uko kwenye 1,500. Diski ya terabaiti 2 itaonekana kwenye Windows kama 1.81 TB, kwa kuwa Windows huhesabu kwa kipimo tofauti na kiwanda, hukuibiwa. Acha asilimia 15 hadi 20 wazi, maana SSD iliyojaa pomoni hupungua kasi ya kuandika. Kwa harusi moja ya aina hii, terabaiti 2 ndiyo kiwango cha chini. Ukiwa na mbili mkononi kwa wakati mmoja, terabaiti 4.

Mtego wa kwanza uko kwenye kuandika. Kasi inayoandikwa kwenye boksi ni ya mwanzo. SSD za bei nafuu, hasa zenye chipu za QLC, huwa na sehemu ndogo ya haraka inayopokea data kwanza. Sehemu hiyo ikijaa, kasi huanguka, na zipo zinazoteremka hadi megabaiti 80 kwa sekunde, chini ya hadi diski. Unapoimimina terabaiti nzima kutoka kwenye kadi usiku wa harusi, utakutana na hali hiyo. Kusoma haliathiriki sana, kwa hiyo kuhariri kutaendelea vizuri; kinachoumia ni kunakili na kutoa video kubwa. Ukitaka kuipima kwa haki, usitumie jaribio la gigabaiti moja. Nakili folda ya gigabaiti 200 na utazame mchoro wa kasi hadi mwisho.

Mtego wa pili ni waya, nao nauona mara nyingi kuliko mwingine wowote. Waya wa USB-C uliokuja na simu kwa ajili ya kuchaji mara nyingi ndani yake una nyaya za USB 2.0 tu. Unaingia vizuri, diski inaonekana, mafaili yanafunguka, lakini kasi haivuki megabaiti 40 kwa sekunde. SSD ya bei ghali inageuka kuwa dhaifu kuliko hadi diski. Kwenye Mac, fungua System Information, ingia USB, ubonyeze jina la diski: ikiandika "Up to 480 Mb/s" waya au tundu ni la zamani, unataka kuona "Up to 5 Gb/s" au "Up to 10 Gb/s". Kwenye Windows, CrystalDiskMark itakuonyesha jambo lile lile kwa namba. Waya uliokuja ndani ya boksi la diski utie alama ya tepu na usiuazime.

Majina ya USB yasikuchanganye. USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 na USB 3.2 Gen 1 ni kitu kimoja, gigabiti 5. Angalia namba ya gigabiti, achana na jina. Mwenye Mac ajue pia kwamba nyingi za kompyuta hizo hazikubali mtindo wa USB 3.2 Gen 2x2 wa gigabiti 20. Diski ya aina hiyo itafanya kazi, lakini kwa gigabiti 10, kwa hiyo analipia kasi asiyoipata.

Mtego wa tatu ni wizi mtupu. Mitaani na mtandaoni zinauzwa SSD za "16 TB" kwa bei ya flashi. Ndani kuna chipu ndogo iliyoprogramiwa kudanganya ukubwa wake. Unanakili harusi, majina ya mafaili yote yanaonekana, lakini ukivuka uwezo wake halisi data mpya inafuta ya zamani. Hugundui hadi ufungue klipu. Kabla ya kuiamini diski yoyote mpya, ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux. Hizo huandika diski nzima kisha huisoma tena na kulinganisha. Ni kazi ya saa kadhaa, na ifanywe kabla ya harusi, siyo baada yake.

Kuhusu kufomati, chagua kulingana na kompyuta zako. Ukitumia Windows tu, NTFS. Mac tu, APFS. Mac inaisoma NTFS lakini kwa kawaida haiiandiki, kwa hiyo anayehama kati ya mbili hana budi kutumia exFAT, na akubali udhaifu wake: haina kumbukumbu ya hatua za uandishi, hivyo waya ukichomoka diski ikiandika, orodha nzima ya mafaili inaweza kuvurugika. Kwa exFAT, kutoa diski kwa utaratibu wa Eject ni lazima kila mara.

Folda

Diski nzuri ikiwekewa mafaili ovyo hurudisha matatizo kwa mlango mwingine. Mpangilio ninaoupendekeza kwa harusi hiyo ni huu:

```
2025-08-16_HARUSI/
  01_MRADI/
  02_KAMERA/
    KAM-A/KADI-01/
    KAM-A/KADI-02/
    KAM-B/KADI-01/
    KAM-C/KADI-01/
  03_SAUTI/
  04_MUZIKI_GRAFIKI/
  05_KAZI_ZILIZOTOKA/
```

Tarehe imeanza na mwaka ili folda zijipange zenyewe kwa mfuatano. Hakuna nafasi kati ya maneno, wala alama kama ? na :, kwa sababu jina ambalo Mac inalikubali laweza kukataliwa na Windows. Majina ni mafupi kwa makusudi: programu nyingi za Windows bado hushindwa njia ya faili ikizidi herufi 260, na folda zilizotumbukizwa ndani ya nyingine mara saba hufika huko upesi.

Kila kadi ina folda yake. Hilo wengi hulidharau. Kamera za Sony huweka video ndani ya PRIVATE/M4ROOT/CLIP na kuzipa majina C0001.MP4, C0002.MP4 na kuendelea, pamoja na faili dogo la XML kwa kila klipu. Kamera tatu, zote zina C0001. Kadi ikifomatiwa, kamera inaweza kuanza tena C0001, kutegemea ilivyowekwa. Ukizitupa zote kwenye folda moja, Windows itakuuliza kama ufute ya zamani, na saa nane za usiku, ukiwa umechoka, ni rahisi kubonyeza ndiyo. Nakili kadi nzima kama ilivyo, na folda zake zote, bila kuchagua MP4 peke yake.

Hata zikiwa folda tofauti, majina yaliyofanana yatakusumbua siku programu itakapopoteza njia na kukuomba umwonyeshe C0001 iko wapi. Inaweza kuchukua C0001 ya kamera B ikaiweka pahali pa kamera A bila kulalamika. Kinga yake iko kwenye menyu ya kamera: weka jina la mwanzo la faili liwe tofauti kwa kila kamera, A kwa ya kwanza, B kwa ya pili, kabla ya kurekodi hata fremu moja. Usibadilishe majina baadaye, mradi ukishaanza.

Utaona kwenye mpangilio ule hakuna folda ya kashe wala ya proksi. Nimeziacha kwa sababu mbili tofauti.

Kashe ni mafaili ya muda ambayo programu hujitengenezea: mawimbi ya sauti, vijipicha, vipande vilivyokwisha kukokotolewa rangi. Premiere Pro kwa kawaida huiweka kwenye diski C, na ikijaa, mtu huihamishia kwenye diski ya nje ile ile yenye video. Hapo ndipo kuganda huanza kwa wengi, hasa diski ikiwa ya sahani. DaVinci Resolve nayo huweka folda ya CacheClip kwenye diski ya kwanza katika orodha ya Media Storage. Kashe yake ikiwa ya ProRes 422 HQ katika 4K, kila sekunde ya video ni megabaiti 92 za kuandikwa, wakati ule ule diski inasoma kamera tatu. Iweke kashe kwenye SSD ya ndani ya kompyuta, au SSD nyingine ndogo. Kwenye Premiere ni Preferences, halafu Media Cache. Kwenye Resolve ni Project Settings, Master Settings, sehemu ya Working Folders. Ni mafaili yanayoweza kutengenezwa upya, kwa hiyo yafute kazi ikikabidhiwa, wala usiyatengenezee nakala ya akiba.

Proksi ni tofauti. Programu ya Blackmagic Proxy Generator hutengeneza folda iitwayo Proxy ndani ya kila folda ya video, na Resolve huziunganisha yenyewe ikizikuta hapo. Ukizihamisha ili zipendeze, unauvunja uunganisho huo. Kama diski yako ni SSD, ziache zilipozaliwa. Kama huna SSD ya kutosha video yote, ipo njia ya kuokoa fedha: video halisi ibaki kwenye hadi diski, proksi zikae kwenye SSD ndogo ya nje au ya ndani, na kamera zote tatu zitahitaji megabaiti 15 hivi tu kwa sekunde. Katika mpango huo chagua mwenyewe mahali pa proksi ndani ya mipangilio ya mradi. Utahariri bila kukwama, na hadi diski itaamshwa wakati wa rangi na kutoa kazi tu.

Bado kuna jambo la jina la diski yenyewe. Windows huipa diski ya nje herufi inayopatikana: leo E, kesho ukichomeka flashi kwanza, F. Mradi unaitafuta E:\, haioni, na taimlaini nzima inageuka nyekundu ikidai mafaili yamepotea. Fungua Disk Management, ubonyeze kulia kwenye diski, uipe herufi ya mbali kama V, na itabaki nayo kwenye kompyuta hiyo. Kwenye Mac njia hufuata jina la diski, kwa hiyo usiwe na diski mbili zenye jina moja, maana ya pili itaongezewa namba na njia haitalingana.

Kazi ikiisha

Siku ya kukabidhi, folda nzima ya harusi huhamia kwenye hadi diski, na SSD inabaki tupu kwa harusi ijayo. Hapa diski ya sahani ndiyo inafaa: kwa kila terabaiti ni nafuu zaidi, na kazi ya kunakili mafaili makubwa kwa mfululizo inaiweza vizuri. SSD isiyowashwa kwa muda mrefu sana si mahali pa kuaminika pa kuweka kumbukumbu za watu, kwa kuwa chaji inayoshikilia data ndani yake huvuja polepole.

Ukichagua hadi diski kubwa ya mezani, ile yenye adapta yake ya ukutani, kumbuka kuwa umeme ukikatika kompyuta ya mkononi itaendelea kwa betri huku diski imezimika katikati ya kuandika. Iunganishe kwenye UPS, au tumia ile ndogo inayokula umeme wa USB.

Baada ya kunakili, linganisha idadi ya mafaili na jumla ya baiti za pande zote mbili kwa kubonyeza kulia na kufungua Properties, au Get Info kwenye Mac. Usiangalie gigabaiti zilizokadiriwa. Angalia baiti zenyewe hadi tarakimu ya mwisho. Kisha fungua klipu ya mwisho ya kila kadi na uicheze hadi mwisho, maana nakala iliyokatika njiani mara nyingi imekatika mwishoni. Hamisha pia faili la mradi. Watumiaji wa Resolve wawe makini hapa: mradi wao hukaa kwenye hifadhidata ndani ya kompyuta, haumo kwenye folda ya harusi, mpaka uutoe kwa Export Project na kupata faili la .drp, uliweke kwenye 01_MRADI.

Mwenye fedha za kutosha diski moja ghali mwezi huu, ninamshauri azigawe: SSD ya terabaiti 2 ya gigabiti 10 kwa kufanyia kazi, na hadi diski ya terabaiti 4 ya kuhifadhia. Usiku wa harusi, mimina kadi kwenye zote mbili, na kadi za kamera zisifomatiwe hadi nakala zote mbili zimefunguliwa na kuchezwa.